Magazeti ya Bibi na Majani Ishirini na Tatu

(Mhadhara kwa walimu wa sayansi na wanafunzi wao, ulioandikwa kama ulivyotolewa)

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Nimeambiwa nizungumze kuhusu kukusanya na kukausha majani, nami nimeona nisianze na masharti, maana masharti mtayasahau kabla hamjafika stendi. Nitawasimulia hadithi. Mtoto ninayemtaja nimemtunga kutokana na watoto wengi niliokaa nao mezani, lakini makosa yake ni ya kweli. Mengine niliyafanya mwenyewe nikiwa mtu mzima.

Nitamwita Mwanaidi. Yuko darasa la sita, kijiji kimoja huko Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mwalimu wao wa sayansi amewapa likizo nzima wakusanye majani, wayakaushe, wayabandike kwenye karatasi ngumu na kuyaandikia majina. Mwanaidi ni mtoto wa bidii. Siku ya kwanza tu alirudi na majani 23 kwenye mfuko.

Kukausha alikujua vizuri, na hapo sina la kumlaumu. Alichukua magazeti ya zamani ya babu yake, akatandaza kila jani peke yake ndani ya ukurasa uliokunjwa, lisijikunje wala kulalia jingine. Akapanga kurasa zote juu ya kipande cha ubao, akaweka ubao mwingine juu, akaongeza matofali mawili. Jani halikaushwi kwa jua, linakaushwa kwa kubanwa, huku gazeti likinyonya maji yake. Na kwa kuwa huku kwetu hewa yenyewe imejaa maji, gazeti likishalowa lazima libadilishwe. Ukiliacha siku tatu bila kulibadilisha, utafunua na kukuta ukungu mweupe na harufu ya stoo iliyofungwa masika nzima. Mwanaidi alibadilisha magazeti kila asubuhi kwa wiki nzima. Alijua hata kulipima jani: unaliweka shavuni, likikupa ubaridi, bado lina maji.

Sasa sikilizeni alipojikwaa. Majina aliyaandika siku ile ile ya kwanza, kwa kalamu ya wino, pembeni mwa kila ukurasa wa gazeti. "Msasa, njiani." "Mkwaju, kwa shangazi." Aliona amemaliza kazi. Kesho yake asubuhi akahamisha majani kwenye magazeti makavu, na yale yaliyolowa akayaanika uani. Bibi yake akatoka na jiko la mkaa, akaona karatasi zinapepea bure, akashukuru Mungu.

(Hapo mnacheka, lakini nimewahi kuona mtafiti mwenye shahada akitafuta karatasi zake kwenye pipa la taka.)

Tuseme ukweli, bibi hana kosa. Jina lilikuwa limefungwa kwenye gazeti badala ya kufungwa kwenye jani. Magazeti ni ya kupita, leo haya na kesho mengine, na jani ndilo linalobaki. Ndiyo maana sisi wakusanyaji wa mimea hufunga kijikaratasi kidogo kwa uzi kwenye kikonyo cha jani lenyewe, mara tu linapokatwa, kabla hata ya kuingia mfukoni. Juu yake tunaandika namba tu, kwa penseli. Kwa nini penseli? Kwa sababu wino wa kalamu unaweza kukimbia ukiguswa na unyevu, na jani bichi ni unyevu mtupu.

Mwanaidi aligundua siku ya nne. Alikaa chini akafikiri, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni zito kuliko lile la jiko: akaandika majina upya kutoka kichwani. Yote 23. Mengine hayakuhitaji kumbukumbu, maana jani la mwembe ni la mwembe hata likikauka. Mengine alibahatisha. Tatizo ni kwamba alipoyaandika kwa mwandiko ule ule mzuri, yale aliyoyajua na yale aliyoyabahatisha yalifanana kabisa. Karatasi tupu humwambia msomaji kwamba hapa hakuna habari. Karatasi yenye jina la kubahatisha humpeleka msituni mahali ambapo mmea huo haupo.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alizipitia karatasi polepole, akasimama kwenye moja.

"Hili umeandika msasa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umejuaje?"

"Linakwaruza, mwalimu."

"Ulipolikata lilitoa utomvu?"

Kimya.

"Ulilikata wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi, mwanangu?"

Hapa niwaeleze mwalimu alikuwa anatafuta nini. Jina msasa tumelipa mimea zaidi ya mmoja, kwa sababu majani yake yote hukwaruza na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Mmoja ni jamii ya mikuyu, na ukikata kitawi chake hutoa utomvu. Mwingine hauna udugu na mikuyu kabisa na hautoi utomvu wa namna hiyo. Kwa hiyo swali la utomvu hujibiwa pale pale unapokata, kwa macho, kwa sekunde mbili. Wiki moja baadaye utomvu umekauka na jibu limeondoka nao.

Jioni wakaenda wote wawili kuitafuta hiyo "njia". Mwanaidi alikumbuka kwamba alipita kisimani, na alipita pia karibu na mvule mkubwa ulio makaburini. Kando ya kisima wakakuta msasa. Lakini chini ya mvule wakakuta mche mdogo, umefika mtoto begani, majani yake yana kingo zenye meno madogo kama msumeno. Mwalimu akalitoa lile jani kavu kwenye bahasha, akaliweka sambamba na la mche. Mishipa ile ile, meno yale yale. Halikuwa msasa. Lilikuwa la mche wa mvule.

Mwanaidi akakataa. Katika mkusanyo wake alikuwa na jani la mvule, ameliokota chini ya mti huo huo, nalo lilikuwa kubwa, kingo zake laini bila meno hata moja. Mvule hauwezi kuwa na majani ya aina mbili.

Unaweza, na ndivyo ulivyo. Mvule mchanga huwa na majani yenye meno. Ukishakuwa mti mzima majani yake huwa na kingo laini. Wenye mifenesi nyumbani mtachunguza wenyewe: mche wa fenesi mara nyingi hutoa majani yaliyopasuka vidole, na mti mzima hutoa yasiyopasuka. Sasa jani likishabandikwa kwenye karatasi, halisemi limetoka kwenye mche au kwenye mti wa mita thelathini. Karatasi mbili za mti mmoja zitaonekana mimea miwili, isipokuwa kama mkusanyaji ameandika maneno machache: mche, urefu wa bega la mtoto. Urefu wa mmea haukaukiki kwenye gazeti. Wala harufu, wala utomvu, wala rangi ya ua, ambayo mara nyingi hupauka au kugeuka hudhurungi. Kwa hiyo mimi nikikagua lebo, natafuta kwanza yale ambayo jani lenyewe haliwezi kunionyesha. Umbo la jani ninaliona, sihitaji kuandikiwa.

Tena angalieni: hata baada ya safari ile, walichopata ni jina. Kama jani lilitoka kwenye mche huu au mwingine kama huo mahali pengine, na lilikatwa siku gani hasa, havikujulikana. Kati ya karatasi 23, mwalimu na Mwanaidi walikubaliana kubaki na 9. Nyingine 14 wakaziandikia "mahali hapajulikani" na kuziweka kando. Mtoto alilia kidogo. Mimi ningelia zaidi.

Mtaniuliza, mzee, haya yote kwa majani ya shule? Basi niwapeleke Amani, si mbali na kijiji cha Mwanaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, na mkusanyo wa mimea mikavu ulioanzia pale ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ndio hebaria ya Afrika Mashariki mnayoisikia. Lakini mimea mingi iliyokusanywa Usambara kabla ya hapo ilikuwa Berlin. Kulikuwa na mkusanyaji akiitwa Carl Holst, aliyetembea milima hii miaka ya 1890. Machi 1943, katikati ya vita, mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin na sehemu kubwa ya mkusanyo ikateketea, pamoja na vielelezo ambavyo wataalamu walivitumia kuipa mimea mipya majina.

Kilichookoa kiasi ni tabia moja ya wakusanyaji. Mtu alikata vitawi kadhaa vya mmea ule ule kwa wakati ule ule, akavipa vyote jina lake na namba moja, kisha akavigawa kwenye hebaria mbalimbali. Kitawi cha Berlin kikiungua, mtaalamu huenda London au kwingineko, akatafuta karatasi yenye jina la Holst na namba ile ile, akajua huyu ni pacha wa aliyeungua. Kama lebo ingesema tu "kutoka Usambara", pacha huyo angekuwepo kabatini na hakuna ambaye angemtambua.

Namba basi ndiyo kiungo. Tunazianza na moja na haturudii nyuma kamwe, hata kielelezo kikiharibika. Karatasi za Mwanaidi zilikuwa zimeshapewa namba 1 hadi 23. Alitaka kuanza upya na namba 1, mwalimu akamkatalia. Zile 14 zina namba zake, zitabaki kwenye daftari na aibu yake. Wewe endelea na 24.

Nimalizie kwa kuwasomea lebo ya 24, jinsi mtoto mwenyewe alivyoiandika. Mwezi ameuandika kwa maneno, maana 5/7 mmoja atasoma Julai na mwingine Mei:

"Na. 24. Mvule (Kiswahili, jina nimepewa na mwalimu). Mche, urefu hadi bega langu. Kando ya makaburi, kama hatua 40 kutoka kisimani upande wa jua linapotua, chini ya mvule mkubwa. Kivuli, udongo mwekundu. Majani yana meno, yanapishana kwenye kitawi. Nilipokata ulitoa utomvu mweupe. Hakuna ua wala tunda. Tarehe 5 Julai. Nimekata mwenyewe, vitawi viwili, kimoja cha mwalimu."

Chini kabisa, kwa penseli, ameongeza: "Magazeti yaliyolowa yako juu ya kabati. Bibi ameambiwa."