Ile "s" ya "likes" Inapohama

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, kutoka hapa Moshi. Leo tuna sentensi moja, iliyoandikwa na kijana anayejifunza kuwatembeza wageni katika mashamba ya kahawa: "She not likes coffee." Mwalimu Baraka, kosa limetoka wapi?

BARAKA: Kijana alitaka kusema "hapendi kahawa", na Kiswahili ndicho kilichomwongoza. Sisi hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe: "anapenda" huwa "hapendi", mwanzo ukabadilika na mwisho pia. Kiingereza cha leo hakimpi "like" uwezo huo. Neno "not" hutaka kitenzi kisaidizi cha kuegemea, na kwa kuwa "She likes coffee" haina, huletwa "do", ambayo hapo haina maana yoyote ya kutenda.

NEEMA: Basi akiandika "She does not likes coffee", amesahihisha?

BARAKA: Bado, dada Neema, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi darasani. Ile "s" ni alama ya wakati uliopo kwa nafsi ya tatu umoja, na sentensi huibeba mara moja tu. "Do" ikiingia huichukua na kuwa "does", kisha "like" hubaki tupu: "She does not like coffee." Wakati uliopita nao hufuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo "did not like" ni sahihi, lakini "did not liked" si sahihi. Huwaambia wanafunzi waweke kidole juu ya alama ya wakati. Wakihitaji vidole viwili, kuna alama iliyozidi.

NEEMA: Na katika swali? Sisi hupandisha sauti tu, "Anapenda kahawa?", bila kugusa neno.

BARAKA: Kiingereza hutanguliza kisaidizi kabla ya kiima: "Does she like coffee?" Zamani kitenzi chenyewe kiliweza kutangulia, na mnamo mwaka 1600 watu bado waliandika "I know not", ila mtindo huo umekwisha katika usemi wa kawaida. Pale ambapo kisaidizi kipo tayari, kama katika "She can swim", "do" haiitwi, na "is" hujitegemea hata ikiwa peke yake: "She is not tired."

NEEMA: Kijana huyo huyo aliwauliza wageni wake, "Who does like coffee?", akikusudia "Nani anapenda kahawa?"

BARAKA: Alikwisha kuizoea kanuni, akaipitisha mpaka wake. Anayeulizwa hapo ndiye kiima, hakuna cha kuhamishwa, kwa hiyo "s" hurudi kwa mwenyewe: "Who likes coffee?" Maneno yake yangefaa kama wageni kadhaa wangekwisha kukataa kikombe, naye akasisitiza kumtafuta anayependa. Lakini akitaka "Nani hapendi?", "not" imeingia tena na inataka mahali pa kuegemea: "Who doesn't like coffee?"