Kilomita ipi unalipwa? Namna ya kupanga bei ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Kigali

Habari za mchana, ndugu zangu. Naona humu kuna wenye malori, kuna mawakala wa forodha, na kuna vijana wa ofisini ambao simu ya mteja ikilia ndio wanaoulizwa, "Kigali mnapeleka kwa shilingi ngapi?" Nazungumza zaidi na hao wa mwisho, maana bei ikishatajwa kwenye simu, kuirudisha ni shida.

Nitachukua safari moja tu na tutaifuata mpaka mwisho: kontena la futi 40, kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na mpaka wa Rusumo, hadi Kigali. Ni karibu kilomita 1,500. Lori ni semi ya ekseli sita, matairi 22. Takwimu za gharama nitakazotumia ni za mfano. Zichukueni kama fremu, kisha kila mtu aweke za gari lake. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,600 na dizeli kwa shilingi 2,800 kwa lita.

Mteja anauliza bei ya kilomita 1,500. Gari lako linatembea kilomita 3,000. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kwenye karatasi moja wanachanganya vitu viwili: gharama wanaigawa kwa kilomita zote, halafu bei wanaitoza kwa kilomita za kwenda peke yake. Kwa hiyo mimi nashauri msianze na kilomita kabisa. Anzeni na safari nzima, kutoka geti la yadi hadi gari lirudi getini. Kilomita zitakuja mwisho, kwa kugawanya.

Tuanze na dizeli. Gari likiwa na mzigo, tuseme linakwenda kilomita mbili kwa lita. Likirudi na kontena tupu, kilomita tatu kwa lita. Kwenda ni lita 750, kurudi ni lita 500, jumla lita 1,250. Kwa bei tuliyokubaliana ni shilingi 3,500,000. Angalieni vizuri: kurudi tupu hakukuwa bure, lakini pia hakukuwa sawa na kwenda. Anayezidisha lita za kwenda mara mbili anajitoa sokoni, na anayeziacha lita za kurudi anamlipia mteja mafuta.

Matairi na matengenezo nayo hufuata kilomita. Matairi 22 kwa shilingi 700,000 kila moja ni shilingi 15,400,000. Yakitembea kilomita 70,000, kila kilomita imekula shilingi 220. Ongezeni oili, filta, breki na spea, tuseme shilingi 180. Ni 400 kwa kilomita, na kwa kilomita 3,000 tunapata shilingi 1,200,000. Gharama hii ni ya hila kwa sababu hailipwi safarini. Gari linarudi, fedha ipo mfukoni, mwenye gari anaiona kama faida, halafu mwezi wa saba anatakiwa anunue matairi kumi kwa mpigo.

Tozo sasa. Barabara yetu hii haina mageti ya kulipia njiani upande wa Tanzania. Mchango wa barabara umo ndani ya bei ya dizeli, kwa hiyo usiuhesabu mara ya pili. Kuna mizani, na mizani haikutozi kitu kama umepakia ndani ya sheria. Gharama yenyewe iko kwenye ada ya gari la kigeni kuingia nchi ya pili. Wakongwe humu wanakumbuka mwaka 2013. Tanzania ilipandisha ada kwa malori ya Rwanda kutoka dola 152 hadi dola 500, na Rwanda nayo ikajibu kwa malori yetu. Aliyekuwa amefunga mkataba wa mwaka mzima kwa bei moja ya jumla alijikuta anabeba tofauti ya dola 348 kila safari. Baadaye ada ilirudi chini, lakini hasara za miezi ile hazikurudi. Ndiyo maana ada za serikali ziwe na mstari wake kwenye kotesheni, na maneno machache chini yake: zikibadilika, mteja analipa kiwango kipya kwa kuonyeshwa risiti. Kwenye mfano wetu naweka dola 152, pamoja na maegesho na makaratasi ya mpakani, jumla shilingi 500,000.

Dereva ana sehemu mbili, na zisichanganywe. Posho ya njiani, yake na ya utingo, inalipwa kwa safari. Tuseme shilingi 500,000. Mshahara, NSSF na makato mengine ya mwajiri yanalipwa kwa mwezi, gari litembee lisitembee. Sehemu hiyo ya pili inakwenda kukaa na ndugu zake: uchakavu wa gari, riba ya benki, bima, leseni ya LATRA, ufuatiliaji wa setelaiti, kodi ya yadi na ofisi. Kwa mfano wetu vyote hivyo ni shilingi 5,000,000 kwa mwezi kwa gari moja. Mwezi una siku 30, lakini gari lina siku za gereji na siku za kusubiri kazi, kwa hiyo nagawa kwa siku 25. Ni shilingi 200,000 kwa siku.

Hiyo 200,000 ndiyo namba ninayotaka muondoke nayo, kuliko hata bei ya kilomita.

Safari yetu ikienda vizuri ni siku 12: mbili za kupakia bandarini na makaratasi, nne za kwenda, moja Rusumo, mbili za kushusha Kigali, tatu za kurudi na kukabidhi kontena tupu kwenye depo. Siku 12 ni shilingi 2,400,000. Sasa tujumlishe. Dizeli 3,500,000, matairi na matengenezo 1,200,000, tozo 500,000, posho 500,000, gharama za siku 2,400,000. Jumla ni shilingi 8,100,000.

Faida tunataka asilimia 10 ya bei. Wengi wanachukua 8,100,000 na kuongeza asilimia 10 juu yake, wanapata 8,910,000. Hiyo si asilimia 10 ya bei, ni asilimia tisa na kidogo. Gawanya 8,100,000 kwa 0.9 na utapata 9,000,000 kamili. Faida ni 900,000. Ukigawa bei hiyo kwa kilomita 1,500 anazozijua mteja, ni shilingi 6,000 kwa kilomita, au dola 2.31. Ukigawa kwa 3,000 ni shilingi 3,000. Zote mbili ni sahihi, lakini ukimtajia mteja ile ya pili bila kusema ni kwa kwenda na kurudi, ataizidisha kwa 1,500, na utakuwa umeuza safari kwa nusu bei.

Mtu akikuambia "fulani anapeleka kwa dola 2 kwa kilomita," muulize kwanza: kilomita zipi, na tozo zimo au hazimo?

Kuna mkono pale nyuma. Ndiyo, kaka.

Anauliza: kwa nini nirudi mtupu wakati Kahama kuna mchele? Swali zuri, na ndilo linaloharibu bei za watu wengi. Kwanza, angalia kilicho mgongoni. Kontena lile ni mali ya kampuni ya meli na lina tarehe ya kurudishwa. Huwezi kujaza magunia ndani yake bila ruhusa. Na kama tela lako ni lile lisilo na sakafu, la kubebea makontena tu, magunia utayaweka wapi?

Lakini tuseme mzigo wa kwenda haukuwa wa kontena, tela lina sakafu, na Kahama umepata tani 28 za mchele kwa shilingi 70,000 kwa tani. Ni shilingi 1,960,000. Inavutia. Sasa toa. Kahama hadi Dar ni kama kilomita 1,000. Ukiwa na mzigo utatumia lita 500 badala ya 333, nyongeza ni karibu shilingi 467,000. Dalali 100,000. Siku tatu za ziada za kusubiri, kupakia na kushusha ni 600,000. Kilichobaki ni kama 793,000. Ukipata mzigo huo safari moja kati ya mbili, wastani wake ni chini ya 400,000 kwa safari. Huo ndio upeo wa punguzo unaloweza kumpa mteja wa Kigali. Si 1,960,000, wala si nusu yake.

Na kama siku za ziada ni saba badala ya tatu? Saba mara 200,000 ni 1,400,000, ongeza dizeli na dalali, ni 1,967,000. Umebeba mchele wa watu bure, ukatoa na shilingi 7,000 juu. Kwa hiyo dereva apewe ukomo kabla hajaondoka: asubiri Kahama siku mbili, mzigo usipopatikana arudi. Kumwambia "subiri tu, utapatikana" ni kuuza siku za gari kwa matumaini.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha hatari ya foleni. Safari ikichukua siku 17 badala ya 12, zile siku tano ni shilingi 1,000,000. Faida ya 900,000 imekwisha, na 100,000 umeitoa mfukoni. Bado hakuna kilichoharibika, hakuna tairi lililopasuka, ni mpokeaji tu Kigali hakuwa na nafasi ghalani. Kwenye kotesheni andika siku mbili za kushusha bila malipo, kuanzia saa gari lilipoandikishwa kwenye geti la mpokeaji, kisha taja malipo ya kila siku inayozidi. Mimi naweka 200,000 pamoja na faida ya siku, ambayo ni 900,000 kugawa kwa 12, yaani 75,000. Jumla 275,000, kama dola 106. Dereva apige picha ya kitabu cha geti akifika. Bila picha ile, ubishi wa tarehe utaupoteza.

Dizeli nayo ina mstari wake. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo usibishane na mteja kuhusu bei ya kituo gani. Andika kwamba bei imejengwa kwa shilingi 2,800 kwa lita, Dar es Salaam, na lita 1,250. Kila shilingi 100 ikipanda, nauli inapanda kwa 125,000. Ikishuka, inashuka vilevile. Mteja anayeona inashuka pia huwa habishi sana.

La mwisho ni muda wa kulipwa. Dizeli, posho na tozo, yaani shilingi 4,500,000, zinatoka taslimu kabla gari halijafika. Mteja akilipa baada ya siku 60, na wewe unakopa kwa asilimia 18 kwa mwaka, fedha hiyo imekugharimu 135,000. Hiyo ni sehemu ya saba, au zaidi kidogo, ya faida yote. Kwa hiyo mimi huandika bei mbili kwenye karatasi moja: 9,000,000 kwa anayelipa nusu wakati wa kupakia na nusu mzigo ukishushwa, na 9,150,000 kwa anayetaka siku 60. Achague mwenyewe.