Asilimia 31 kwenye ripoti ya Turnitin, nirekebishe nini?

Haya jamani, naona swali ni lilelile kila siku, "ripoti imetoka 31, nimefeli?" Sasa nijibu leo, na kabla hamjaanza eti huyu akishafika huko ughaibuni anajifanya profesa, mimi naongelea niliyoyaona, chuo chako kinaweza kuwa na utaratibu wake.

Kwanza hiyo asilimia inasema tu maneno kiasi gani yamefanana na yaliyoko kwenye hifadhi ya Turnitin, ule mfumo wa kukagua kazi kama zimenakiliwa, haisemi umeiba. Kuna dada alinitumia ripoti yake ya 31 analia, tukaondoa orodha ya marejeo kwenye hesabu ikashuka 19, maana marejeo lazima yafanane, kila anayetaja kitabu hicho anakiandika hivyohivyo. Chanzo kikubwa kilichobaki kilikuwa asilimia 8, ni dodoso lake la kiambatisho, dodoso linalotumiwa na watafiti wengi na alikuwa ameshalitaja lilikotoka. Hilo usiliguse, ukibadilisha maswali umeharibu kipimo chenyewe.

Shida ilikuwa kwenye kachanzo ka asilimia 2 huko chini ambako hata hakukafungua. Kitabu kinasema "elimu inayotolewa haiendani na mahitaji ya soko la ajira, hivyo vijana wengi hubaki bila kazi", yeye kaandika "elimu inayotolewa haiendani na matakwa ya soko la ajira, kwa hiyo vijana wengi hukaa bila kazi". Rangi inatokea vipandevipande, maneno manne yamepakwa, moja jeupe, mengine yamepakwa tena, na ni aya nzima hivyo. Ukiona rangi iliyokatikakatika namna hiyo ujue sentensi ni ya mwandishi wa kitabu, wewe umebadilisha nguo tu. Na alikuwa ameweka jina la mwandishi mwishoni, lakini jina peke yake halitoshi kama maneno ni yake na hakuna alama za kunukuu.

Sasa wengi hapo wanabadilisha neno lingine mpaka rangi ipotee, rangi inapotea kweli ila msahihishaji mwenye kitabu anaijua aya. Funga kitabu, andika hoja inavyohusu utafiti wako, halafu fungua ulinganishe, na jina la mwandishi libaki. Kama maneno yenyewe ndiyo muhimu, yanukuu.

Mnasema nalalamika sana, sawa, lakini huku ukirudia somo unalipa ada upya na kibali cha kuishi nacho kinakaribia kuisha, fomu juu ya fomu, nani atakaa kimya?

Halafu ukiona 90 na kitu chanzo ni kazi ya mwanafunzi, angalia kwanza kama siyo rasimu yako mwenyewe uliyopandisha mwanzo ikahifadhiwa. Hapo usiandike upya hata mstari, mwambie mwalimu aiondoe rasimu hiyo kwenye ulinganisho, na umwambie kwa barua pepe ili ibaki kwa maandishi.