Kutu Si Kalenda: Mkwaruzo wa Zamani na Mkwaruzo wa Ajali

Ndugu zangu watathmini, na nyie wa gereji mliokaa nyuma kabisa, nitasema tena lile ambalo wengine mmechoka kulisikia. Bado ripoti zinaandikwa hivi: "Jeraha lina kutu, kwa hiyo ni la zamani, lisilipwe." Hapana. Bati lililobaki uchi hapa Dar es Salaam, likinyeshewa usiku mmoja, asubuhi linaweza kuwa limeshaanza wekundu. Wewe unafika siku ya nne, unaona kutu, unamwita mteja mwongo! Na kinyume chake pia kipo: bati lenye zinki linaweza kukaa miezi na mkwaruzo wake bila kutu. Mkwaruzo ulioishia kwenye rangi au praima haujagusa bati, hauna cha kuota kutu. Bampa ni plastiki, hilo hata tusilijadili.

Tazameni kingo za mkwaruzo, urefu wake kutoka chini, na mwelekeo wake. Tuchukue mfano. IST nyeusi imeegeshwa pembeni mwa barabara. Bajaji ya bluu inakuja kutoka nyuma na kuiparuza ubavu wa kulia. Ajali ni Jumanne, ukaguzi Ijumaa. Mwenye gari anadai madigadi ya nyuma, mlango wa nyuma na mlango wa mbele, vyote vya kulia.

Usianze kwa kalamu. Piga picha kwanza gari likiwa na vumbi lake, halafu chukua kitambaa chenye maji. Kwenye mlango wa nyuma utakuta rangi ya bluu imeng'ang'ania, na magamba madogo ya rangi nyeusi yananing'inia kingoni. Ukiyagusa kwa ukucha yanadondoka. Huo ni mpya, kwa sababu magamba hayo hayavumilii kuoshwa mara kwa mara. Kwenye mlango wa mbele kingo zimelainika, na ndani ya mfereji kuna weupe uliokauka. Weupe huo ni polishi. Polishi haiwezi kuingia kwenye mkwaruzo kabla mkwaruzo haujakuwepo, kwa hiyo uliza swali moja tu: gari limepigwa polishi tangu Jumanne? Kama halijapigwa, mkwaruzo umeitangulia ajali.

Sasa toa futi. Alama za mlango wa nyuma ziko sentimita 47 hadi 52 kutoka chini. Kwenye bajaji, chuma kilichochubuka na kushika rangi nyeusi kiko 46 hadi 52. Zinaoana, sentimita mbili tatu zinaweza kuletwa na mzigo, upepo wa matairi au breki. Mkwaruzo wa mlango wa mbele uko 71, na kwenye kimo hicho bajaji haina mchubuko wala rangi nyeusi. Tena angalia mwelekeo: rangi iliyosukumwa hujikusanya pale mkwaruzo unapoishia. Gari lilikuwa limesimama, bajaji ikatoka nyuma, basi rundo liwe upande wa mbele. Kwenye mlango wa mbele rundo liko upande wa nyuma. Hiyo ni alama ya gari lililokuwa likisogea mbele likagusa kitu, pengine geti. Mlango wa mbele unatoka kwenye dai.

Kuna atakayesema: "Lakini madigadi yalikuwa na puti!" Ndiyo, na hapa ndipo kipima unene wa rangi kinapowapotosha watu. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 160. Madigadi yanasoma 700, mtathmini anashangilia. Kipimo hicho kimekuambia kwamba bodi ilishanyooshwa, hakijakuambia imegongwa lini. Ukarabati uliokamilika si jeraha. Angalia puti ilivyopasuka. Ikiwa imebanduka kipande na kuacha uso msafi, imevunjwa na ajali hii, na madigadi yanalipwa. Ikiwa ufa una mstari wa uchafu na rangi imevimba pembeni, ulikuwepo. Na tafadhali msikiweke kipima kwenye bampa. Kile cha kawaida kinahitaji bati la chuma chini yake.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo vilivyochanganyika navipitia haraka. Tuseme mteja angedai na bampa: kona ina tundu la zamani lenye tope, katikati kuna ufa mpya wenye weupe safi wa plastiki iliyovutwa. Kama ufa huo ndio unaolazimisha bampa jipya, lipa bampa, ukate gharama ambayo ingeziba na kupaka rangi ile kona peke yake. Usikatae bampa zima.

Picha za ukaguzi wa siku bima ilipokatwa ziombwe kabla hujaenda gereji, si baada ya mteja kulalamika. Kwa gari lililonunuliwa mnadani Japani karibuni, omba na karatasi ya mnada: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa. Karatasi hiyo inaishia siku ya mnada. Gari likishatembea mwaka hapa, usiishikilie sana.

Mwisho, kila picha ya mkwaruzo iwe na futi ndani yake, imesimama kutoka ardhini. Picha ya karibu bila futi mtaniletea, na mimi nitairudisha.