Kimo Kifupi Misituni: Mtoto Anaanza Kubaki Nyuma Lini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na jina. Neno "mbilikimo" wengi wetu tulilikuta kwenye hadithi, na watu wanaoitwa hivyo hawalipendi. Leo nitawaita kwa majina yao: Waefe na Wasua wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, na Wabaka wa kusini mashariki mwa Kameruni. Mwanamume wa Kiefe, kwa wastani, ana urefu wa karibu sentimita 143, na mwanamke karibu 136. Viungo vyao vina uwiano wa kawaida kabisa, na hakuna ugonjwa wa mifupa. Ni mwili mzima uliofika utu uzima ukiwa mdogo.

Mwili unarefuka hivi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayomwaga homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inafika kwenye ini na kushika vipokezi vilivyo juu ya seli, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Hapo ini linatengeneza kichocheo kingine kinachofanana na insulini kwa umbo. Kwa kifupi kinaitwa IGF-1. Seli za gegedu kwenye ncha za mifupa nazo zinatengeneza IGF-1 yao papo hapo. Kichocheo hiki kinazifanya seli hizo zigawanyike, na mfupa unarefuka. Kwa hiyo kasoro inaweza kuwa katika hatua yoyote kati ya tatu: homoni yenyewe, kipokezi chake, au IGF-1 na namna seli zinavyoipokea.

Miaka ya 1960 watafiti walianza na hatua ya kwanza. Walipima homoni ya ukuaji kwa watu wazima wa misitu ya Afrika ya kati wakaikuta ya kawaida. Wakawadunga homoni hiyo kutoka nje, na mwili ukaitika kwa unyonge. Ufunguo ulikuwepo, basi macho yakageukia kufuli. Mwaka 1981 Thomas Merimee na wenzake wakaripoti kwamba IGF-1 ndiyo iliyokuwa pungufu. Mwaka 1989 ikaonekana pia kwamba kwenye damu yao kulikuwa na kiasi kidogo cha protini inayoibeba homoni ya ukuaji. Protini hiyo ni kipande cha nje cha kipokezi chenyewe, kilichokatika na kuelea kwenye damu, kwa hiyo ikiwa chache, mtu anashuku kwamba vipokezi navyo ni vichache. Miaka ishirini baadaye, kwa Wabaka, jeni ya kipokezi hicho ilikutwa ikifanya kazi kwa kiwango cha chini sana kuliko kwa majirani zao wakulima. Kwa Waefe, seli za damu zilizokuzwa maabara zilionyesha udhaifu wa hatua ya tatu: hata zikipewa IGF-1, ziliitika kidogo. Hizo ni seli za watu wachache tu, msizibebeshe mzigo wa jamii nzima.

Sasa nije kwenye swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo lililowasumbua watu kwa muda mrefu: upungufu huu unauma umri gani?

Mwaka 1987 Merimee alitoa jibu lililokaa vitabuni. Watoto kabla ya balehe, alisema, wana IGF-1 sawa na wenzao wa nje ya msitu. Balehe inapofika, wale wengine IGF-1 yao inapanda sana, ya hawa inabaki karibu theluthi moja ya hiyo. Kwa hiyo kimo kinapotea pale mvulana anapotakiwa kuruka juu ghafla. Ni hoja nzuri. Shida yake ni tarehe za kuzaliwa: watoto wa msituni hawakuwa na vyeti, na umri ulikadiriwa kwa macho.

Angalieni makadirio hayo yanavyoharibu mambo. Chukua wavulana watatu. Kila mmoja anakua sentimita 5 kwa mwaka utotoni, na mwaka mmoja wa balehe anaruka 9. Mmoja ana miaka 11, wa pili 13, wa tatu 15, lakini wewe umewaandika wote 13. Ni mmoja tu aliye katika mwaka wake wa kuruka. Mwingine hajafika, mwingine ameshapunguza mwendo. Ukichukua wastani, kilele kinasawazika, na unaandika kwamba hawa hawaruki. Zaidi ya hapo, mtoto mfupi huonekana mdogo, hivyo umri wake unakadiriwa kwa kimo kile kile unachotaka kukipima. Umejizungusha.

Njia ya kutoka ilipatikana Kameruni, kwenye kituo cha misheni ya Kikatoliki cha Moange-le-Bosquet. Huko watoto wa Kibaka waliandikwa siku ya kuzaliwa, wakapimwa tena na tena. Upimaji wenyewe unataka subira. Mtoto mchanga analazwa kwenye ubao. Mmoja anashika kichwa kiguse upande wa juu, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo. Akizidi miaka miwili anapimwa amesimama, na mtoto yule yule akisimama huwa mfupi kwa karibu nusu sentimita na zaidi kidogo kuliko akilala. Usipolihesabu hilo, utadhani amesinyaa.

Fernando Ramirez Rozzi na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015. Mtoto wa Kibaka anazaliwa na ukubwa ulio ndani ya kiwango cha kawaida. Kisha, katika miaka miwili ya kwanza, mwendo wake unapungua sana. Baada ya hapo anafuata mstari wake, chini ya ule wa wengine lakini sambamba nao, na balehe ikifika naye anaruka. Kwa Wabaka, basi, kimo kinaamuliwa karibu na ziwa la mama. Waefe na Wasua ni tofauti tena: wao wanazaliwa wakiwa wadogo tayari. Kimo cha utu uzima kinakaribiana, njia ni mbili. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba ufupi ulijitokeza zaidi ya mara moja, huenda kwa kugusa sehemu tofauti za mfumo huu mmoja.

Mtu atauliza: je, si njaa tu? Swali la haki, kwa sababu njaa na maradhi hushusha IGF-1 kwa mtoto yeyote. Lakini Waefe wanaishi jirani na wakulima na kubadilishana nao chakula, na bado tofauti ya kimo ipo tangu kuzaliwa. Tena Kameruni na Gaboni imeonekana kwamba kadiri mtu anavyokuwa na asili kubwa zaidi ya jamii za msituni, ndivyo kimo chake kinavyopungua. Njaa peke yake haipangi watu hivyo.

Haya yana uzito kliniki. Mtoto wa Kibaka wa miaka miwili akiwekwa kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, anaweza kuangukia eneo la waliodumaa. Mhudumu asimwangalie siku moja tu. Arudi kwenye vipimo vya nyuma: je, mstari wake unakwenda sambamba na chati, au unazidi kuzama? Aangalie uzito kwa kimo, na azungushe utepe kwenye mkono wa juu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huyo ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu leo, awe wa msituni au wa mjini.