Mshale uko kwenye H, injini ya baridi: nani anadanganya?

NEEMA: Karibuni tena gereji. Leo niko na mwenzangu Hamisi, na nimekuja na swali la dereva wa Hilux ya dizeli, zile za miaka ya tisini. Anasema mshale wa joto umelala kwenye H, lakini akifungua boneti hakuna mvuke wala harufu. Akishika mpira wa rejeta, anasema ni wa baridi kabisa. Sasa aamini mshale au mkono?

HAMISI: Asiamini hata mmoja kwanza. Na hasa huo mkono, dada Neema. Watu wanauamini kuliko unavyostahili.

NEEMA: Kwa nini? Mpira wa baridi si ni baridi?

HAMISI: Mpira ni wa baridi, sawa. Lakini mpira sio injini. Thamostati, ule mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, ikikwama ikiwa imefunga, maji ya moto yanabaki ndani ya bloku na silinda hedi, hayafiki kwenye rejeta. Unashika mpira wa baridi, huku ndani panapikika. Hewa ikijikusanya juu, ni yale yale. Kwa hiyo mshale juu na mpira wa baridi inaweza kuwa geji inadanganya, na inaweza kuwa hedi inakaribia kupinda. Dalili moja, mambo mawili tofauti kabisa.

NEEMA: Basi unatenganishaje?

HAMISI: Kwa kuuliza mshale asubuhi. Gari ilale usiku mzima, injini ipoe yote. Asubuhi usiwashe injini, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake tu. Mshale ukienda moja kwa moja kwenye H, hapo hapo umeshapata jibu. Injini iliyolala usiku mzima haina joto la kuonyesha. Tatizo ni la umeme, rejeta mwache.

NEEMA: Na mshale ukianzia chini, ukapanda polepole baada ya kuwasha?

HAMISI: Huo uuheshimu. Joto halisi hupanda polepole, kwa dakika kadhaa. Uongo wa umeme huruka. Ukiona unapanda polepole na kuikaribia H, zima injini, usiendelee kupima kwa mkono.

NEEMA: Tueleze basi sensa yenyewe. Wengi tunaiona kama kidude tu kilichokazwa kwenye hedi.

HAMISI: Kwenye gari kama hiyo ina waya moja. Ndani yake kuna kitu ambacho kikipata joto, ukinzani wake unapungua. Ikiwa baridi utapima mamia ya omu, maji yakikaribia kuchemka unabaki na makumi tu. Umeme unatoka kwenye geji, unapita waya ile moja, unaingia kwenye sensa, halafu unarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini. Geji haijui joto. Inajua tu umeme unapita kwa urahisi kiasi gani. Ukipita kwa wingi, inasema moto.

NEEMA: Kwa hiyo waya ikichubuka na kugusa bodi...

HAMISI: Umeme unapita bila kizuizi chochote, na geji inasema moto kupita moto. Na waya ikikatika, au soketi ikichomoka, umeme haupiti, mshale unalala kwenye C. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Mshale uko kwenye H, wao wanakaza soketi. Soketi iliyolegea haiwezi kupeleka mshale kwenye H kwenye gari ya aina hii. Hata ile tepu nyeupe ya mabomba watu wanayozungushia nyuzi za sensa, ikizidi inazuia umeme kurudi kwenye chuma, kwa hiyo gari itasoma baridi kuliko ilivyo. Huo uongo ni mbaya zaidi, maana unakuambia uko salama.

NEEMA: Tuje kwa yule dereva. Gari yake ilifika kwako?

HAMISI: Ilifika, imeshapita kwa mafundi wawili. Walishatoa rejeta wakaizibua, wakabadilisha thamostati, wakaweka na mfuniko mpya. Mshale bado H. Nikamwambia aiache ilale. Asubuhi nikazungusha ufunguo, mshale ukaruka juu kabla sijashusha mkono.

NEEMA: Umeme.

HAMISI: Umeme. Sasa kuna sehemu tatu: sensa, waya, au geji. Nikachomoa waya pale kwenye sensa, ufunguo ukiwa bado umewashwa. Kama mshale ungeshuka kwenye C, waya na geji vingekuwa vizima, sensa ndiyo imepiga shoti ndani. Haukushuka. Kwa hiyo sensa haina kosa. Umeme unapata njia ya kwenda kwenye chuma mahali fulani kati ya soketi na dashibodi, au geji yenyewe imekufa.

NEEMA: Na ukachagua vipi kati ya waya na geji?

HAMISI: Nilitazama geji ya mafuta kwanza. Kwenye magari mengi ya zamani geji hizo mbili zinakula umeme kutoka kidhibiti kimoja. Kidhibiti kikiharibika, zote mbili zinasoma juu. Ya mafuta ilikuwa inasoma vizuri, robo tanki, na kweli alikuwa na robo. Basi nikazima ufunguo, nikatenganisha ile waya pale nyuma ya dashibodi, nikaweka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye bodi. Ilitakiwa isisome kitu. Ilisoma karibu sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi.

NEEMA: Waya inagusa.

HAMISI: Nikaifuata kwa vidole. Ile klipu ya kuishikilia ilikuwa imevunjika, waya imelalia bomba la ekzosi, plastiki imeyeyuka, shaba imegusana na chuma. Nikakata kipande kile, nikaunga kipya, nikakivisha bomba la kuzuia joto na kukifunga mbali na ekzosi. Nikarudisha kila kitu, nikazungusha ufunguo: mshale kwenye C. Ukitaka kuhakikisha geji inafanya kazi, hapo unaweza kugusisha waya ya sensa kwenye chuma kupitia balbu ndogo ya wati 3.4 hivi, na mshale utapanda. Kupitia balbu, nasisitiza. Kuna geji hazipendi kugusishwa moja kwa moja.

NEEMA: Nilidhani stori imeishia hapo.

HAMISI: Hata mimi. Akaenda kuzungusha gari, akarudi. Mshale unapanda polepole hadi karibu na juu, unashuka ghafla, unapanda tena. Mara hii kwa injini iliyokwisha kupata moto. Nikamuuliza, hita inatoa nini? Akacheka, nani anawasha hita Morogoro? Tukaiwasha. Hewa ya baridi.

NEEMA: Na injini ina moto?

HAMISI: Ina moto, hita ya baridi. Maji hayafiki kwenye hita, kuna hewa njiani. Wale waliotoa rejeta walijaza maji haraka haraka, hewa ikabaki imenaswa juu. Sensa ikizungukwa na hewa inasoma chini, kisha maji ya moto yakiipiga inasoma juu. Kwa hiyo ile tiba ya ugonjwa ambao haukuwepo ndiyo iliyoleta ugonjwa.

NEEMA: Ukatoaje hewa?

HAMISI: Subiri ipoe kwanza, hilo halina mjadala. Mfuniko wa rejeta unashikilia shinikizo, kwa hiyo maji yaliyo ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote kwa mara moja usoni kwako. Ikiwa imepoa, nikapandisha pua ya gari kwenye kilima ili mdomo wa rejeta uwe ndio sehemu ya juu kabisa. Hita kwenye moto. Nikajaza polepole, huku nikiminya mpira wa juu kama unavyokamua nguo. Mapovu yakatoka. Nikaiwasha bila mfuniko, bila kukanyaga mafuta, nikaongeza kila maji yaliposhuka. Thamostati nyingi za Toyota zinaanza kufunguka nyuzi 82 hivi. Zikifunguka unaona maji yanashuka ghafla na mpira wa juu unapata moto. Hita ikaanza kupuliza moto. Nikafunga mfuniko.

NEEMA: Mapovu yakiendelea tu bila kuisha?

HAMISI: Hapo sio tena hewa iliyonaswa wakati wa kujaza. Ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya hedi. Hiyo ni siku nyingine.

NEEMA: Na thamostati waliyobadilisha?

HAMISI: Niliitoa. Ina kitundu kidogo chenye kipini kinachotikisika. Hicho ndicho mlango wa hewa, kinatakiwa kikae juu. Wao walikiweka chini. Injini ikiwa baridi na thamostati imefunga, hewa haikuwa na pa kupita. Nikaigeuza.

NEEMA: Nauliza kwa niaba ya wenye magari ya karibuni, yenye kompyuta.

HAMISI: Huko sensa ina waya mbili na inaongea na kompyuta, geji inaambiwa tu. Chomeka kifaa cha kusoma, tafuta `Coolant Temp`. Asubuhi inatakiwa ikaribiane na joto la hewa. Ikisoma juu sana, na msimbo ni `P0117`, waya imegusa chuma. Ikisoma -40 na msimbo ni `P0118`, imekatika. Hesabu ni ile ile, ila kompyuta ikiona sensa imekufa inaweza kuwasha feni muda wote, na mtu akadhani feni inathibitisha kuwa gari inachemsha.

NEEMA: Na kipimajoto cha kupiga kama bastola?

HAMISI: Kizuri, ila usikielekeze kwenye aluminiamu inayong'aa, kinasoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye nyumba ya thamostati, piga hapo. Na kumbuka kinasoma nje ya chuma, sio maji yenyewe.

NEEMA: Swali la mwisho, la msikilizaji wa Tanga. Mshale wake unakaa katikati mchana kutwa, usiku akiwasha taa kubwa unapanda kidogo. Akizima unashuka.

HAMISI: Injini haijui kama taa zimewaka. Huo ni mkanda wa ethi kati ya injini na bodi, umeoza au boliti imelegea. Umeme wa taa unahangaika kutafuta njia ya kurudi, na geji inachanganyikiwa nao. Aufungue, asugue kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, akaze, halafu awashe taa tena huku akiangalia mshale.

NEEMA: Na usipotulia?

HAMISI: Aende nyuma ya dashibodi, kuna ethi nyingine ya geji zenyewe. Aanze na wa injini, ndio unaorushiwa matope.