Balozi Aliyegoma Kuondoka Niamey

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Wengi mnatuuliza kuhusu persona non grata, coup d'État na status quo, maneno ambayo hayakosi kwenye taarifa ya habari. Kaka Shabani anasema yote matatu anayapata Niger, mwaka 2023.

SHABANI: Na yameshikana kama pete. Julai 26, kikosi cha walinzi wa rais, wale wale waliokabidhiwa usalama wake, kinamzuia Rais Mohamed Bazoum mjini Niamey. Siku mbili baadaye mkuu wa kikosi hicho, Jenerali Abdourahamane Tchiani, anajitokeza kwenye televisheni kama kiongozi mpya. Hiyo ndiyo coup d'État.

REHEMA: Itamke taratibu, maana wengine tunaisoma kama ilivyoandikwa.

SHABANI: "Ku deta." Ile p na ile t ya mwisho hazisikiki. Ni Kifaransa: coup ni pigo, État ni dola. Pigo la dola. Linapigwa ghafla, na anayelipiga mara nyingi ni mtu wa ndani, si umati wa barabarani.

REHEMA: Sisi tumelitwisha neno mapinduzi mzigo wote. Zanzibar 1964 mapinduzi, Niamey 2023 mapinduzi.

SHABANI: Ndiyo maana watangazaji huongeza "ya kijeshi". Na jina lina gharama, dada. Marekani walikaa hadi Oktoba 10 ndipo wakatamka rasmi kuwa Niger kulikuwa na mapinduzi. Sheria yao inazuia sehemu kubwa ya misaada kwa serikali ikishaitwa hivyo.

REHEMA: Kumbe! Haya, tuje kwa balozi.

SHABANI: Agosti 25, watawala wapya wanampa balozi wa Ufaransa, Sylvain Itté, saa 48 awe ameondoka. Huko ndiko kufanywa persona non grata. Ni Kilatini: mtu asiyependeza, asiyekaribishwa.

REHEMA: Lakini Itté ni mwanamume. Mbona "grata"?

SHABANI: Ngeli hiyo! Grata inafuata neno persona, ambalo kwa Kilatini ni la kike, haijalishi mwenyewe ana ndevu au hana.

REHEMA: Kwa nini wasimkamate tu kama wana kesi naye?

SHABANI: Hawawezi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unampa balozi kinga, hakamatwi wala hashtakiwi. Silaha aliyoachiwa mwenyeji iko kwenye kifungu cha 9: wakati wowote, bila kulazimika kutoa sababu, anaweza kuiambia nchi iliyomtuma kwamba mtu wenu simtaki. Nchi hiyo inatakiwa imrudishe nyumbani. Ikigoma, baada ya muda unaofaa mwenyeji anaweza kukataa kumtambua tena kama mwanadiplomasia.

REHEMA: Na Ufaransa ikagoma.

SHABANI: Iligoma, na hoja yake ndiyo tamu. Haikubishana na kifungu. Ilisema waliopindua hawana mamlaka ya kumfukuza balozi, kwa kuwa aliyempokea ni serikali iliyochaguliwa. Yaani huwezi kuikubali ile barua bila kuyakubali mapinduzi.

REHEMA: Akabaki ubalozini?

SHABANI: Akabaki. Katikati ya Septemba Macron akasema balozi wake ni kama mateka, chakula kinazuiwa kuingia, wanakula mgao wa kijeshi. Septemba 24 akatangaza kumrudisha, na askari wa Ufaransa nao kuondoka. Alfajiri ya Septemba 27, Itté akaondoka. Kisheria Ufaransa haikukubali kitu, lakini mtu wake alishatoka.

REHEMA: Status quo sasa. Wengi hudhani maana yake ni amani.

SHABANI: Hapana, ni hali ilivyo, nzuri au mbaya. Status ni hali, quo ni "ambayo". Inasikika kama sentensi iliyokatwa, na kweli imekatwa, kwani asili yake ni fungu refu lenye neno ante, yaani kabla. Hicho ndicho ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilichotaka ilipotoa siku 7 Bazoum arudishwe madarakani: status quo ante, hali iliyokuwapo kabla ya pigo.

REHEMA: Siku 7 zikapita.

SHABANI: Zikapita. Machi 2025 Tchiani akaapishwa kuwa rais kwa muhula wa miaka 5. Kwa hiyo ukisoma leo kwamba fulani anataka status quo idumu Niger, anamtaka Tchiani. Mwaka 2023, kabla ya Julai 26, sentensi hiyo hiyo ingemaanisha Bazoum.

REHEMA: Basi tarehe ya habari nayo isomwe.

SHABANI: Isomwe kwanza. Na nikuchokoze kidogo: ile État ya Kifaransa imetokana na status hiyo hiyo ya Kilatini.

REHEMA: Yaani kinachopigwa na kinachong'ang'aniwa ni ndugu wa damu?

SHABANI: Tumbo moja kabisa.